Orodha ya maneno ya ukubwa na umbo

"Nawaandalia wanafunzi wangu wa Kiswahili orodha ya maneno ya ukubwa na umbo. Nianzie wapi?"

Mwalimu, vivumishi viache kwanza, anza na nomino. Ukubwa wetu umekaa kwenye ngeli: kijumba, nyumba, jumba, kijito, mto, jito. Mtaani utasikia hata kajumba. Kwa watu, tahadhari: "kizee" kinaweza kuwa tusi, na "jitu" si mtu mrefu tu, ni la kutisha.

Kwenye umbo, wengi hukwama hapa: -embamba hufuata ngeli (mlango mwembamba, kijia chembamba, njia nyembamba), lakini bapa halibadiliki: jiwe bapa, mawe bapa. Duara ni nomino, kwa hiyo meza ya duara. Ukiandika neno pekee bila nomino yake, watakuandikia "meza duara".