Sare ya mastadi imenifubaza uso: ni rangi au ni shingo?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mimi ni maji ya kunde. Tulishonewa sare ya sendofu, gauni la satini rangi ya mastadi, shingo ya mviringo inayobana koo. Kwenye picha nimetoka kama mtu aliyeamka na malaria, macho yameingia ndani na kidevu hakionekani. Mdogo wangu ni mweusi kunizidi, mshono ni uleule, na kila mtu anamsifia. Sare hiyohiyo tutaivaa tena kwenye harusi mwezi ujao. Tatizo ni rangi au shingo, na kuna la kufanya?

JIBU: Ni rangi, dada yangu, ila shingo ndiyo iliyoisogeza rangi hiyo mpaka chini ya kidevu. Gauni hilohilo lingekuwa na shingo iliyofunguka, usingeniandikia.

Mwanga wa jua au wa taa unatoka juu, unagonga kifua, kisha unarudi usoni kutokea chini, nao unarudi na rangi ya kitambaa. Satini inaurudisha kwa nguvu zaidi kwa sababu inang'aa. Pamba au krepu ingeutawanya. Kwa hiyo sehemu ya chini ya taya lako ilipakwa umanjano. Ngozi ya maji ya kunde mara nyingi ina umanjano wake tayari, ukiongezewa mwingine inapoteza wekundu unaoifanya ionekane na uhai. Tena rangi mbili zikikaa pamoja kila moja huisukuma jirani yake upande wa pili, na kinyume cha njano ni zambarau. Weusi ulio chini ya macho na pembeni mwa mdomo unaelekea huko, hivyo karibu na mastadi unajitokeza zaidi. Jambo hili si geni. Michel Eugène Chevreul, mkemia aliyesimamia upakaji rangi katika kiwanda cha Gobelins kule Paris, alilieleza mwaka 1839 baada ya kuchunguza malalamiko kwamba nyuzi zao nyeusi zilififia. Aligundua dawa ya kupakia rangi haikuwa na kasoro. Nyuzi ziliharibiwa sura na rangi zilizofumwa kando yake.

Lakini kilichokula kidevu chako ni kitu kingine, na hapa ndipo mdogo wako alipokushinda. Chukua ile picha kwenye simu, iweke iwe nyeusi na nyeupe, kisha angalia uso na gauni. Nina hakika kwako utakuta vyote viwili vina kijivu kinachokaribiana, na mstari wa taya umeyeyuka katikati yake. Kwa mdogo wako gauni litaonekana jeupe zaidi ya uso kwa mbali, kwa hiyo taya limechorwa wazi. Wengi wanauliza rangi gani inamfaa mtu wa ngozi fulani bila kuuliza kama rangi hiyo ni nyepesi, yaani inaelekea weupe kuliko ngozi, au ni nzito, yaani inaelekea weusi. Kwa kuchonga sura, hilo la pili lina uzito kuliko la kwanza. Hata rangi nzuri ikilingana na ngozi kwa wepesi, uso unalala.

Ndiyo maana sikushauri upime kwa kutazama mishipa ya mkono ukitafuta kama ni kijani au bluu. Kwenye ngozi ya kahawia wengi wetu tunaona kijani tu, na jibu halikusaidii dukani. Pima kwa kitambaa chenyewe. Kaa karibu na dirisha asubuhi, jua lisikupige moja kwa moja, uso hauna poda, nywele umezifunga kwa kitambaa cheupe. Epuka chumba cha ukuta wa kijani na kivuli cha turubai la bluu, maana navyo vinapaka watu rangi. Weka kitambaa kiguse chini ya kidevu, kisha kibadilishe haraka na kingine. Usikitazame kitambaa. Tazama chini ya macho, mikunjo ya pembeni mwa pua, na ukingo wa taya: kikiwa kizuri, vivuli hivyo vinapungua na ukingo unaonekana. Kwa wewe ningeanza na damu ya mzee na kijani cha chupa, ambazo ni nzito kuliko ngozi yako, halafu krimu, ambayo ni nyepesi kuliko ngozi.

Sare huwezi kubadilisha rangi, kwa hiyo tuiondoe mastadi chini ya kidevu. Bahati nzuri shingo inayobana ni rahisi kuirekebisha, kwa kuwa kukata kunawezekana na kuongeza ndiko kugumu. Fanya shingo ya V. Mviringo unaobana unarudia umbo la kidevu na kuikata shingo. V inaacha ngozi yako yenyewe chini ya taya, na mistari yake miwili inalivuta jicho kushuka, hivyo uso unaonekana mrefu kidogo na taya linakazika.

Vaa gauni ukiwa umevaa na sidiria utakayoivaa siku hiyo. Fundi aanzie kwenye kishimo cha koo, ashuke sentimita 11, aweke alama kwa chaki. Kwa wengi huo ni urefu wa heshima hata kanisani. Juu, kila upande, atoke sentimita 7 kutoka katikati, ajiunge na mshono wa bega. Hapa ndipo makosa hutokea: akikata juu ya chaki, halafu akala sentimita 1 ya mshono, ncha ya V haishuki sentimita 1. Kwa sababu ya mshazari inashuka zaidi ya 2, na shingo ya heshima inageuka nyingine. Akate sentimita 1 ndani ya chaki, upande wa shingoni, ashone juu ya chaki yenyewe.

Kabla ya kukata, apige mshono mmoja mwembamba kando ya mstari, maana satini ikikatwa mshazari inavutika na shingo inabaki imefunua kama mdomo wa mfuko. Kipande cha kugeuzia ndani akikazie kwa kitambaa cha kubandika kwa pasi. Kwenye ncha achanje kwa mkasi mpaka karibu kabisa na uzi bila kuugusa. Asipofika hapo, V itakunjamana. Ukiona mkunjo kwenye ncha baada ya kupiga pasi, sababu ni hiyo, mrudishie.

Ukitaka zaidi, na kamati ikikubali, kipande hicho kishonwe kigeuzwe nje badala ya ndani, kiwe ukanda wa damu ya mzee wa sentimita 3 kuizunguka V. Hapo taya linapata kitu kizito pembeni na mastadi inaanzia mbali. Kwa anayevaa mtandio habari ya shingo inaisha kabisa: kilicho karibu na uso ni mtandio, basi achague huo kwa kipimo kilekile cha dirishani, gauni libaki la sare.

Ukanda huo ulowekwe kwanza peke yake ndani ya maji yenye sabuni, kisha ukandamize kitambaa cheupe juu yake. Kikichukua wekundu, usiushone kwenye mastadi kabla haujaacha kuchuja, la sivyo dobi wa kwanza atakuharibia gauni lote.