Skramu ikianguka kosa la nani?

"Mimi mgeni kwenye raga, nacheza propu wa kushoto, mstari wa mbele tunapoinama kusukumana kwenye skramu, hapa Tanga, refa kanipa penalti eti nimeangusha skramu na mimi najua tumeteleza tu, kosa langu nini?"

Mdogo wangu anza na mkono wako wa kushoto. Refa akiita baindi, yaani shikaneni, unaupitisha ndani ya mkono wa kulia wa propu wa wapinzani, unashika jezi yake mgongoni au ubavuni, sio mkono wala kola, na huachii mpaka skramu iishe. Wageni wengi wanadaka mkono wa jezi maana ndio uko karibu, sasa seti ikiitwa uzito wote unakuja, kiwiko kinaelekea chini, kinamvuta yule jamaa na wote mnalala kifudifudi, na refa anachokiona ni hicho kiwiko. Kinyanyue, na mabega yasishuke chini ya kiuno.

Kuna kaka kasema ukisikia seti sukuma, hapo kapatia nusu tu. Seti ni kukutana mabega, kusukuma subirini mpira utoke mikononi mwa skramu-hafu anayeuingiza, mkiwahi ni friikiki. Penalti ni ya kuangusha kusudi, mkiteleza kweli refa anapiga filimbi mnarudia, na majani ya huku asubuhi yana umande kwahiyo inawezekana, ila bila kuona siwezi kumlaumu refa.

Na dada anayeulizia raga ya wachezaji saba, skramu yenu ni watatu kwa watatu lakini mshiko ni huohuo.