Lamu Hakuna Foleni, Kwa Hivyo Uliza Maji Kwanza

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa mtaa wa Umoja aliniandikia: "Dada, nimechoka na honi za matatu. Nataka kupeleka watoto Lamu, lakini mahali pasipo na magari tutashinda tukifanya nini?" Swali hili naulizwa sana, basi leo nalijibu kwa urefu.

Mtashinda mkifuata maji. Mji wa kale wa Lamu ulijengwa kwa mawe ya matumbawe na vichochoro vyake ni vya mtu na punda. Mizigo hubebwa na punda na hamali, na safari za mbali ni za boti. Hata ukija kwa ndege utatua kisiwa cha Manda uvuke, na ukija kwa basi utaishia Mokowe uvuke vilevile. Kwa hivyo saa ya kujaa na kupwa ndiyo inayopanga siku yako.

Kampuni iliyonipangia safari yangu ya kwanza, ya hapa hapa Nairobi, haikujali hilo. Ratiba ilisema saa nne asubuhi twende Takwa, magofu ya mji ulioko Manda ambao watu waliuhama katika karne ya 17. Boti huingia huko kupitia mkondo mwembamba katikati ya mikoko. Siku ile mwezi ulikuwa mpevu. Tulipofika mdomoni mwa mkondo nahodha alizima injini, akachomeka upondo, na ulipotoka ulikuwa umepakaa tope jeusi karibu urefu wake wote uliozama. Akasema, "Dada, hapa mpaka alasiri." Alasiri kwenye ratiba ilikuwa ya shughuli nyingine. Takwa sikuiona, pesa sikurudishiwa, na mpaka leo nikipita karibu na ofisi yao roho huniuma.

Nilikwenda kukaa na mabaharia ukingoni mwa gati mpaka nikaelewa. Siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo ni za bamvua: maji hupwa sana asubuhi, kama saa nne hivi, na hujaa sana kama saa kumi alasiri. Kila siku huchelewa kwa karibu dakika 50. Baada ya wiki, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu: yanajaa asubuhi, lakini hayapandi sana wala hayashuki sana. Ukijua hilo, siku inajipanga yenyewe.

Chukua siku ya bamvua. Asubuhi, baada ya mahamri na mbaazi, tembeeni kwa miguu hadi Shela, kama kilomita tatu kwa njia ya ufukweni. Mchanga uko wazi na mgumu, watoto wanakimbia mbele, na huhitaji kumshika yeyote mkono. Njia hiyo hiyo maji yakijaa hupigwa na mawimbi hadi kwenye kuta, kwa hivyo rudini kwa boti au mrudi mapema. Mchana jua likiwa kali, lala. Wenyeji nao wako ndani. Alasiri mkondo unajaa na hapo ndipo Takwa. Hapo mtaona msikiti, na kaburi la nguzo lililoandikwa mwaka unaolingana na 1682 au 1683. Msikae sana, kwa sababu maji yakianza kutoka nahodha hawezi kuwasubiri. Siku ya maji mafu geuza: Takwa asubuhi, Shela wakati wowote.

Jioni kaeni Mkunguni, mbele ya ngome. Kinachonipendeza hapo ni sauti: kwato, kandambili, watu wakiamkuana, adhana. Kichochoroni ukisikia "simile!" nyuma yako, jibane ukutani, punda mwenye mzigo wa mchanga hajui kukwepa.

Pikipiki zimeingia kisiwani, na inanihuzunisha. Ukitaka utulivu chukua nyumba ndani kabisa ya mji wa mawe, usidanganywe na bei ya pembezoni. Njoo na mkoba wa mgongoni pia, maana sanduku la magurudumu litakusumbua kwenye mifereji na ngazi.

Ndugu zangu wa Nairobi, tunajua kukimbiza saa hata likizoni. Acheni. Kabla ya kulipa nauli, tazameni kalenda ya mwezi, kisha mchague tarehe.

Kwa dada wa Umoja: watoto wakiwa wadogo, chagua siku mbili tatu baada ya mwezi mpevu. Asubuhi bado mchanga utakuwa wazi, na maji ya Takwa yatakuja jioni, karibu na saa ya magharibi, kwa hivyo kubaliana na nahodha mapema mtoke mapema na kurudi kabla ya giza. Usiweke safari hiyo Ijumaa adhuhuri. Maduka mengi hufungwa na manahodha wako msikitini.