Ukianza na Having, mtafute kwanza aliyetenda

Katika mazoezi ya ngazi ya juu ya kuandika upya sentensi za Kiingereza, kuna swali moja ambalo nalisahihisha kila mara. Mwanafunzi anapewa sentensi ndefu yenye After, Because au As, kisha anaagizwa aiandike upya akianza na Having, maana isibadilike. Kanuni ya umbo wengi wanaijua: ondoa kiunganishi, ondoa kiima, weka Having, kisha kitenzi katika umbo lake la tatu, kama finished, written au seen. Sehemu hiyo wanaipata. Alama wanazipoteza baada ya koma, kwenye nusu ambayo wanaiona haina shida na hivyo wanainakili kama ilivyo.

Chukua sentensi hii:

After Amina had finished her work, she went home.

Jibu ninalolikuta mara nyingi ni hili:

Having finished her work, she went home.

Sarufi yake ni safi, lakini Amina hayupo tena. Jina lake lilikuwa kwenye kishazi cha kwanza, na kishazi kilipofupishwa, nalo likaondoka. Kilichobaki ni she ambaye msomaji hamjui, na kwa kuwa agizo lilitaka maana ibaki ileile, msahihishaji ana sababu ya kukukata alama. Jina linatakiwa lihamie upande wa pili:

Having finished her work, Amina went home.

Kwa hiyo nawashauri wanafunzi wangu wasianze na Having, hata kama swali limewaanzishia neno hilo. Jiulize kwanza: nani amemaliza? Ukishampata, mwandike kwenye karatasi ya rafu pamoja na kitenzi chake kikuu, Amina went home, ndipo urudi kujenga nusu ya mbele. Ukifuata mpangilio huo, aliyetenda anakaa mahali pake, mara tu baada ya koma.

Sisi tunaozungumza Kiswahili tuna sababu ya ziada ya kuwa waangalifu hapa. Kitenzi chetu hutembea na mtenda wake. Ukisema "Walipomaliza mtihani, mwalimu alikusanya karatasi", ile wa- inaonyesha wanafunzi na ile a- ya alikusanya inaonyesha mwalimu. Hakuna atakayedhani kwamba mwalimu ndiye aliyefanya mtihani. Having finished haina kiambishi cha nafsi hata kimoja, kwa hiyo msomaji wa Kiingereza humchukua yule anayetajwa kama kiima baada ya koma na kumpa kazi zote mbili. Ndiyo maana jibu hili linakosewa na watu wenye Kiingereza kizuri kabisa:

Having finished the exam, the teacher collected the papers.

Hapo mwalimu ndiye aliyefanya mtihani. Sentensi ya asili ilikuwa After the students had finished the exam, the teacher collected the papers. Viima ni viwili tofauti, na hilo ndilo jambo la kuligundua kabla ya kugusa kalamu. Ukiona viima tofauti, geuza nusu ya pili ili wanafunzi wawe kiima chake:

Having finished the exam, the students had their papers collected by the teacher.

Sentensi si tamu sana, lakini kila tendo limebaki na mwenyewe: wanafunzi walimaliza, mwalimu akakusanya. Watu hupenda kuandika the students handed in their papers kwa sababu inasikika vizuri zaidi. Mimi siikubali katika swali la aina hii, kwa kuwa mwalimu ametoweka na kukusanya kumegeuka kukabidhi. Njia nyingine ni kukiacha kiima cha kwanza mahali pake, mbele ya having: The students having finished the exam, the teacher collected the papers. Ni sahihi, ila ni ya maandishi rasmi mno, na swali likikulazimisha kuanza na Having huwezi kuitumia.

Tatizo hilohilo hujitokeza kwenye kauli ya kutendwa. After she had finished the report, it was sent to the manager haiwezi kuwa Having finished the report, it was sent to the manager, kwa sababu ripoti haikujimaliza. Ukiilazimisha ripoti iwe kiima, Having lazima ifuatwe na been:

Having been finished, the report was sent to the manager.

Sasa aliyeiandika hayumo, na hiyo ni hasara ambayo zoezi huenda lisiikubali. Angalia sentensi ya asili inamhitaji kiasi gani.

Kuhusu kuchagua kati ya Finishing na Having finished sina mengi. Matendo mawili yakifuatana papo hapo, umbo la -ing pekee linatosha: Opening the door, he switched on the light. Tendo la kwanza likihitaji kuisha kabisa ili la pili lianze, tumia Having: Having read the letter, she telephoned her lawyer. Ukiandika Reading the letter, inaonekana alipiga simu huku macho yakiwa bado kwenye barua. Vitenzi vya hali kama know na be huchukua -ing hata pale vinapotoa sababu, kwa hiyo As he knew the road well huwa Knowing the road well. Na kikanushi kitangulie: Not having received a reply, Amina wrote again.

Mabaki ya kiunganishi nayo yaangaliwe. Because having finished si sahihi, na hata ukiiondoa because, kuna wanaopachika so au and baada ya koma kwa mazoea. Kishazi kifupi chenyewe kimekwishabeba uhusiano huo. After having finished inakubalika, lakini haiongezi kitu ambacho After finishing haina.

Hapo ndipo penye mpaka ambao nataka mwanafunzi aujue vizuri. Kishazi cha Having kinabeba wakati na sababu bila msaada. Ukinzani hakiubebi. Tazama sentensi hii:

Although he had studied hard, he failed.

Ukiifupisha kuwa Having studied hard, he failed, msomaji anasoma nusu ya kwanza akitarajia matokeo yake, kisha anakutana na kufeli na kujiuliza kama kusoma ndiko kulikomfelisha. Ile although ilikuwa imebeba nusu ya maana. Lazima neno fulani lichukue nafasi yake:

Despite having studied hard, he failed.

Zoezi likikupa although na kukuanzishia Despite, weka having yenye herufi ndogo, kisha umbo la tatu, na kiima kibaki baada ya koma kama kawaida. Likikuanzishia Having tupu, rudisha ukinzani kwenye nusu ya pili: Having studied hard, he nevertheless failed. Kiunganishi cha asili ndicho kitakachokuambia ufuate njia ipi, kwa hiyo nawaambia wanafunzi wakipigie mstari kabla ya kukifuta.