Usaili kwa video ukiwa nyumbani: kasi ipo, mbona sauti inakatika?

Msomaji mmoja ameniandikia juzi akiwa bado ana uchungu. Alikuwa kwenye usaili wa kazi kwa video, na kufikia dakika ya kumi hivi wasaili wakaanza: "Samahani, hebu rudia, hatukupati." Akarudia, wakamwomba arudie tena. Ikawa hivyo mpaka mwisho. Kinachomuumiza ni kwamba asubuhi ile alipima intaneti yake akakuta 20 Mbps, na yeye mwenyewe aliwasikia wasaili vizuri kabisa. Anauliza kosa lilikuwa wapi.

Nitaanza na hilo kwa sababu ndilo linalowaponza wengi. Unapowasikia wengine, unapakua. Unapozungumza, unapakia. Ile namba kubwa inayojitokeza kwanza ukipima kasi ni ya kupakua, na intaneti nyingi za nyumbani hupakia kwa kasi ndogo zaidi. Yeye aliporudi kuangalia, ya kupakia ilikuwa 2 Mbps. Si mbaya. Zoom ya watu wawili kwa picha safi ya 720p inataka takriban 1.2 Mbps kila upande, kwa hiyo ingetosha kama angekuwa peke yake mtandaoni. Lakini nyumbani kwake kulikuwa na simu mbili zilizowekwa zipeleke picha kwenye hifadhi ya mtandaoni kila zinapopata waifai. Zikaijaza njia yote ya kupakia, na maneno yake yakawa yanapanga foleni nyuma ya picha. Kipande cha sauti kikichelewa mno, programu hukitupa, maana maneno hayawezi kuunganishwa baada ya wakati wake kupita. Wasaili wanasikia sentensi yenye matundu, wakati wewe huna dalili yoyote upande wako.

Jambo hili unaweza kulipima siku moja kabla. Kwenye Windows fungua Command Prompt uandike:

```
ping -n 60 8.8.8.8
```

Kwenye Mac au Linux fungua Terminal, na badala ya `-n` andika `-c`. Kila mstari unaotokea unaonyesha muda wa ujumbe mdogo kwenda mpaka 8.8.8.8, anwani ya Google, na kurudi. Iache iendelee, kisha chukua simu iliyo kwenye waifai ileile uanze kupakia video ndefu. Kwa msomaji wetu, `time` ilikuwa kwenye 35ms, halafu ikaruka mpaka 600 na zaidi mara simu ilipoanza kazi, na hapa na pale ikatokea `Request timed out`. Hapo ukawa umeona ugonjwa wenyewe. Unachotaka ni namba zilizotulia, ikiwezekana chini ya 100, bila mstari uliopotea. Namba inayorukaruka inaharibu mazungumzo kuliko iliyo kubwa kidogo lakini imetulia.

Ikirukaruka hata bila mzigo, pima tena, safari hii kwa anwani ya ruta yako (mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, imeandikwa chini ya ruta yenyewe). Ruta ikijibu kwa milisekunde chache tu bila kuyumba, waifai yako ni nzima na tatizo liko kwenye laini inayotoka nje. Ruta yenyewe ikiyumba, tatizo liko ndani ya nyumba: umekaa mbali, au kuna kuta katikati. Dawa bora ni kebo kutoka kwenye ruta mpaka kwenye kompyuta. Kama huna kebo, hamia chumba chenye ruta na uchague mtandao wa 5 GHz, ambao una kasi ila haupiti ukutani vizuri. Siku ya usaili, simu zote za nyumbani zitolewe kwenye waifai. Usiombe tu watu "wasitumie intaneti", kwa sababu simu hupeleka picha zenyewe hata zikiwa mfukoni.

Intaneti ikishatulia, inayofuata ni maikrofoni, na hapa kinachoamua ni umbali. Maikrofoni ya kompyuta ikiwa sentimita 60 kutoka mdomoni inachukua sauti yako pamoja na chumba kizima. Hedfoni za waya zenye maikrofoni, hata zile za kawaida za simu, zinaisogeza karibu na pia zinazuia sauti ya wasaili isitoke kwenye spika na kuwarudia kama mwangwi. Angalia tu hiyo maikrofoni ndogo isisugue kola, maana kila msuguano utasikika. Hedfoni za Bluetooth zina kasoro yake: nyingi zikianza kutumia maikrofoni hushusha ubora wa sauti, ndiyo maana mtu husikika kama anaongea ndani ya kopo. Jirekodi sekunde 30 ukiwa umekaa palepale utakapokaa, kisha jisikilize. Chumba kikilia, tundika blanketi ukutani mbele yako, kule unakoelekeza mdomo.

Mwanga hauhitaji gharama. Keti ukitazama dirisha, usilipe mgongo. Kamera hurekebisha mwanga kulingana na kinachong'aa kwenye picha, kwa hiyo dirisha likiwa nyuma yako, uso unabaki kivuli. Usiku, elekeza taa kwenye ukuta mweupe ulio nyuma ya kompyuta, mwanga urudi usoni ukiwa laini. Mwenye miwani apandishe taa juu zaidi ya macho mpaka mng'ao utoke kwenye vioo. Inua kompyuta kwa vitabu mpaka kamera ilingane na macho, basi.

Sasa mpango wa dharura, na tafadhali uandike kwenye karatasi. Wengi hujipa moyo kuwa umeme ukikatika kompyuta ina betri. Ni kweli, lakini ruta nyingi hazina, zitazima papo hapo. Kwa hiyo hotspoti ya simu iwe imeshaunganishwa na kompyuta angalau mara moja kabla, ili siku hiyo ubofye tu. Hesabu ya kifurushi ni hii: 1.2 Mbps kwenda na 1.2 kurudi ni kama MB 0.3 kila sekunde, kwa hiyo usaili wa dakika 45 unakula karibu MB 810. Weka GB 2 uwe na nafasi. Kumbuka pia kuwa kwenye baadhi ya simu na mitandao, simu ikipigwa data inasimama. Kama unayo simu ya pili, toa namba hiyo kwa wasaili, na hii ya kwanza ibaki kuwa hotspoti tu.

Mambo yakiharibika, fuata mpangilio huu. Sauti ikianza kukatika, sema "nazima video ili mnisikie vizuri," kisha izime. Sauti peke yake inahitaji chini ya kilobiti 100 kwa sekunde, sehemu ndogo sana ya ile ya video. Isipotengemaa ndani ya dakika moja, hamia hotspoti. Hiyo nayo ikigoma, jiunge kwa simu, lakini kwanza toka kwenye kikao upande wa kompyuta, kwa sababu vifaa viwili vyenye maikrofoni wazi chumba kimoja vitapiga kelele kali. Na kwenye simu uwe na ujumbe ulioandikwa tayari: "Intaneti yangu imekatika. Najiunga tena ndani ya dakika 2. Ikishindikana, naomba mnipigie kwa namba hii." Omba namba ya msaili mapema, unapothibitisha muda wa usaili, ili ujumbe huo uwe na pa kwenda.