Si kila kuhara ni amiba: kwa nyinyi mnaoanza maabara na kliniki

Nyinyi mnaoanza kazi kwenye vituo vya afya huku upande wa Kasese mtakutana na mgonjwa ambaye ameshajipima mwenyewe kabla hajaketi. "Daktari, mimi nina amiba." Mwenye duka la dawa alishamwambia hivyohivyo, jirani naye kaongezea, sasa wewe ukiona kitu cha mviringo kwenye slaidi mkono unakimbilia kuandika amiba, kazi imeisha. Ngoja kwanza. Kabla hata ya kumpa kopo muulize maswali, maana maelezo yake yatakusaidia kuliko lenzi.

Amiba na jiadia zote zinaingia kwa maji yenye mavi, zote unazimeza zikiwa sisti, ila zinaenda kukaa sehemu tofauti. Jiadia inabaki juu, mwanzo wa utumbo mdogo, inajishika ukutani bila kuutoboa na inazuia mafuta ya chakula yasifyonzwe. Ndiyo maana choo kinatoka na mafuta, kinanuka kuliko kawaida, wakati mwingine kinaelea, tumbo linajaa gesi, mtu anabeua harufu ya yai viza na kilo zinapungua, lakini damu huioni. Amiba yenyewe, namaanisha entamiba histolitika, inashuka mpaka utumbo mpana na pale inachimba vidonda, kwa hiyo utasikia damu na kamasi, kwenda chooni kila saa na kutoa kidogo huku anajikamua, na ikiingia kwenye mkondo wa damu inafika kwenye ini inafanya jipu. Mtu wa homa na maumivu chini ya mbavu za kulia usimwache aondoke na vidonge tu hata kama choo chake ni kisafi.

Chukua mfano wa kijana mmoja wa bodaboda kutoka kijiji cha karibu na Bwera. Mvua zilinyesha, chemchemi yao ikafunikwa na maji ya mto, nyumbani wakawa wanachota hayohayo kwa jerikeni. Wiki kama mbili baadaye akaanza kuhara, na alipofika alikuwa na wiki tatu za kuhara, maana yake keshapita zile siku 14 ambapo tunaanza kuita kuhara sugu. "Damu umeona?" "Hapana dokta, ila kinanuka mpaka mke wangu analalamika, na suruali zote sasa nafunga mkanda." Mfukoni ana karatasi ya kliniki fulani imeandikwa sisti za amiba. Alinunua metronidazoli za miligramu 200, akameza kimoja mara tatu kwa siku, siku mbili tu, akaacha kwa sababu mdomo ulikuwa na ladha ya chuma na kulikuwa na harusi yenye bia.

Hapo unaona mambo mawili: maelezo yake ni ya jiadia, na dozi aliyokula haitoshi kwa ugonjwa wowote kati ya hiyo miwili.

Sasa kopo. Liwe kavu, choo kisichanganyike na mkojo, asichote kutoka shimoni. Choo cha majimaji kiangalie ndani ya nusu saa tangu kitoke, maana vimelea vinavyotembea vinakufa haraka na vikishakufa hutavitambua. Weka tone la salaini upande mmoja wa slaidi na tone la ayodini upande mwingine, anza na salaini, kwa sababu ayodini inaua kila kitu na ukianza nayo hutaona mwendo. Jiadia hai inatembea kama jani linaloanguka, inapinduka pinduka. Sisti yake kwenye ayodini ni ya umbo la yai, urefu wa maikroni kama 8 hadi 12, na ndani kuna nyuzi.

Sampuli ya kwanza ya huyu kijana haikuwa na kitu. Hapo ndipo wengi wanafunga faili, na mimi naona ndipo kazi inapoanzia, kwa sababu jiadia haitoki kila siku, leo zimejaa kesho hakuna hata moja. Omba sampuli tatu, siku moja ipite katikati, na kama mna formalini na etha fanyeni ile njia ya kukusanya sisti. Yake ilionekana kwenye ya pili.

Na ile karatasi ya amiba? Sisti ya mviringo yenye viini 8 ni entamiba koli, haina shida na mtu, iache. Yenye viini mpaka 4 inaweza kuwa histolitika, inaweza pia kuwa dispa ambayo haidhuru, na kwa mikroskopu huwezi kuzitofautisha hata ukodoe macho mpaka jioni. Kinachokupa nguvu ya kusema histolitika ni kuona amiba hai imemeza seli nyekundu za damu, la sivyo unahitaji kipimo cha antijeni. Kwa hiyo andika "histolitika au dispa", usijifanye unajua. Angalia pia seli kubwa za kinga kwenye choo chenye usaha, zimeshawadanganya wengi.

Dawa. Kwa jiadia mtu mzima anaweza kupewa tinidazoli gramu 2 mara moja basi, au metronidazoli gramu 2 kwa siku baada ya kula, siku 3, yaani vidonge 10 vya miligramu 200 kwa mpigo, na umweleze hivyo wazi kabisa maana akifika nyumbani atashtuka na atapunguza. Pombe hapana mpaka siku 3 baada ya kumaliza. Kwa amiba yenye damu ni metronidazoli miligramu 800 mara 3 kwa siku 5, halafu lazima ifuate dawa ya kusafisha sisti zilizobaki ndani ya utumbo, mfano diloksanaidi miligramu 500 mara 3 kwa siku 10, ambayo mara nyingi haimo kwenye rafu na watu wanaisahau, kisha ugonjwa unarudi tunalaumu dawa. Mtoto mwenye kuhara damu fikiria shigela kwanza.

Kijana alirudi baada ya wiki, kuhara kumepungua sana lakini gesi bado, anataka dozi nyingine. Kumbe kila asubuhi anakunywa chai ya maziwa. Jiadia ikiharibu ukuta wa utumbo, uwezo wa kusaga sukari ya maziwa unapotea kwa wiki kadhaa hata kimelea kikiwa kimekufa. Akaacha maziwa, akapimwa tena, safi, dozi haikuhitajika. Angekutwa nayo ningeuliza kwanza kama bado anakunywa maji yaleyale na kama watoto nyumbani wanahara, halafu ndiyo nibadili dawa, albendazoli miligramu 400 kwa siku 5.

Na akiendelea kuhara huku sampuli zote hazina kitu, mpime virusi vya ukimwi. Kriptosporidiamu ni ndogo, maikroni 4 hadi 6, kwenye salaini utaipita bila kuiona, inahitaji rangi ya zili-nilseni iliyorekebishwa, na metronidazoli haiigusi.

Nyumbani kwake walikuwa wanaweka klorini kwenye jerikeni na wanaamini wako salama. Klorini ya kawaida inaua bakteria vizuri lakini sisti hizi zinaivumilia, kwa hiyo tuliwaambia maji ya kunywa yachemke kabisa, yatokote dakika moja, na wale wa juu milimani zaidi ya mita 2,000 dakika 3.