Hotuba ya kufungua siku ya kupima afya kazini: ninayoisoma mimi

"Wakuu, nasimamia kliniki ndogo ya kampuni. Alhamisi tunapima afya za wafanyakazi wote na nimeambiwa nitoe neno la ufunguzi. Niseme nini, na kwa muda gani? Mwenye mfano aweke hapa."

Mkuu, nimesimama hapo mara nne, na mara ya kwanza niliharibu. Kilikuwa kiwanda cha kusindika nafaka, wafanyakazi kama 150, nami nasimamia zahanati ya humo humo ndani. Niliandaa kurasa tatu: magonjwa yasiyoambukiza, lishe, mazoezi, shukrani kwa menejimenti. Nikaongea robo saa nzima mbele ya watu ambao jana yake tuliwaambia wasile. Nilipomaliza, dada mmoja wa kitengo cha kufungasha akanyoosha mkono: "Daktari, hayo majibu anapewa nani?"

Sikuwa na jibu. Nikamtazama afisa utumishi, naye akanitazama mimi. Watu waliona. Saa nne asubuhi foleni ilikuwa imejaa kwenye mizani, na meza ya damu ilikuwa na nesi peke yake akipanga glavu.

Tangu siku hiyo hotuba yangu ina kazi moja, kujibu swali la yule dada kabla halijaulizwa. Na jibu halitungwi jukwaani. Wiki moja kabla, kaa na mwajiri mkubaliane kwa maandishi nani anaona nini. Hapa kuwa makini, maana kuna upimaji wa aina mbili na watu huuchanganya. Kama ni ule wa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, wa kuangalia kama mtu anafaa kwa kazi yake, mwajiri atapata taarifa ya kufaa au kutofaa. Ukisimama ukasema "hakuna atakayejua chochote", umedanganya, na siku dereva wa folklifti atakapohamishwa kitengo kwa sababu ya macho, hakuna atakayekuamini tena. Kama ni wa hiari, wa presha, sukari na uzito, basi mwajiri apewe jumla tu: wangapi wamepimwa, wangapi wana presha ya juu. Hata jumla ina mtego. Kitengo chenye watu watatu, ukiandika "mmoja ana sukari", umeshamtaja. Mimi vitengo vidogo naviunganisha.

Hii ndiyo ninayoisoma, ya upimaji wa hiari. Badilisha upendavyo:

"Ndugu wafanyakazi wenzangu, habari za asubuhi. Itifaki imezingatiwa. Najua wengi hamjanywa chai, kwa hiyo nina dakika mbili tu.

Leo tunapima presha, sukari, uzito na mzunguko wa kiuno. Majibu yako utapewa wewe, mkononi, ndani ya chumba, na mtu mmoja. Uongozi utapata idadi tu, bila majina. Hilo tumeliandika na kulisaini, karatasi imebandikwa pale mlangoni, kasomeni.

Kipimo cha VVU kipo kwa anayekitaka, kwenye chumba cha nyuma. Hakuna anayelazimishwa, na hakuna atakayeuliza kwa nini hukuingia.

Anayetumia dawa za sukari na hajala, asisubiri foleni. Aje kwangu sasa hivi. Aliyekula asijifiche, amwambie nesi amekula nini na saa ngapi. Atapimwa vilevile, ila majibu yake tutayasoma kivingine.

Kabla ya kipimo cha sukari nawa mikono kwa maji na sabuni, ukaushe. Kabla ya presha, pita chooni kwanza, kisha ukae kwenye kiti dakika tano, umeegemea, miguu chini, bila maongezi. Aliyevuta sigara au kunywa kahawa sasa hivi asubiri nusu saa.

Tafadhali, hakuna kupiga picha. Atakayekutwa na namba iliyo juu, tutampima tena na kumweleza aende wapi. Kipimo kimoja cha leo si hukumu.

Wa zamu ya usiku waanze, wakalale. Karibuni."

Basi. Ukiisoma bila haraka haizidi dakika mbili na nusu. Jipime nyumbani kwa saa ya simu.

Kuna watakaokuuliza kwa nini jambo dogo kama kunawa mikono liwemo kwenye hotuba. Mwaka wangu wa pili kijana mmoja wa stoo alisoma 13.4 kwenye mashine ya sukari. Nesi akaanza kumweleza kuhusu kliniki ya kisukari, kijana ametoa macho, jasho linamtoka. Nikamwuliza amekula nini. "Sijala, daktari, nimemenyea mtoto embe tu asubuhi." Tukamnawisha, tukamkausha, tukatoboa kidole kingine: 5.3. Sukari ya embe ilikuwa bado kwenye ngozi, na tone la damu ni dogo mno, likichanganyika na utamu kidogo tu mashine inasoma kitu kingine kabisa. Sabuni ingetuepusha na hofu ile. Kwa aliyekaa bila kula kwa muda wa saa 8 au zaidi, 7.0 kwenda juu ni ya kurudiwa hospitali kwa kipimo cha maabara. Usimwambie mtu "una kisukari" mezani hapo kwa sababu ya tone moja.

Presha nayo ni hivyo hivyo. Mtu aliyekuja mbio, kibofu kimejaa, anapiga soga huku mkanda umefungwa juu ya shati, utamwandikia 150 kwa 95 ambayo si yake. Akitulia, ukimfunga mkanda unaomtosha kwenye mkono mtupu, huenda ukakuta 130 na kitu. Ikibaki 140/90 au zaidi baada ya kurudia, mpe barua ya kwenda kupimwa siku nyingine. Ikifika 180/120, huyo haendi zamu. Aonwe na daktari siku ile ile, na kama kichwa kinamuuma sana, kifua kinabana au haoni vizuri, gari litoke sasa hivi.

Kuhusu VVU, usimruhusu bosi aseme "leo wote tunapima". Sheria ya UKIMWI ya 2008 hairuhusu kumlazimisha mtu, na sentensi hiyo moja ikitoka kwenye kipaza sauti itakufukuzia hata wale waliokuja kwa ajili ya presha. Kwetu mkurugenzi aliitoa kwa nia njema kabisa. Ilinibidi nipite foleni nzima nikirekebisha mmoja mmoja. Sasa namwomba mapema aongee kabla yangu, sentensi tatu, halafu apange foleni kama wengine. Akiruka foleni huku mpiga picha anamfuata, ile ahadi yako ya siri imekwisha.

Utajuaje kama hotuba imeshika? Angalia meza ya damu dakika ishirini baadaye. Ikiwa tupu na mizani imejaa, bado hawajaamini. Dalili nyingine ni majina: watu wakianza kujiandikisha "Juma" bila la ukoo, au wakitoa namba ya simu yenye tarakimu pungufu. Mwaka wa kwanza nilikuwa na akina Juma kumi na moja. Ukiona hivyo usipande tena jukwaani. Kaa mlangoni karibu na ile karatasi iliyosainiwa, na mtu akikuuliza, mwonyeshe kwa kidole mstari unaohusu majina.